Nunua Ghali, Uza Rahisi: Kazi ya Kila Siku ya Muuza Opsheni

Katika soko la opsheni la Chicago wapo wafanyabiashara ambao hisa ikipanda hununua, ikishuka huuza. Hufanya hivyo kwa makusudi, siku baada ya siku, na kila mzunguko wa namna hiyo huwala fedha. Hata hivyo biashara yao husimama. Hawajui bei inaelekea wapi na hawana haja ya kujua. Wanachotegemea ni hesabu inayowaambia, kwa bei ya sasa hivi, wanapaswa kuwa na hisa ngapi mkononi. Hesabu hiyo haitulii: bei ikisogea kwa dola moja tu, idadi ya jana imeshapitwa na wakati.

Makala haya yanaifuata hesabu hiyo kwa mfano mmoja, tangu opsheni inapouzwa hadi siku zake za mwisho.

Ahadi ya hisa elfu moja

Opsheni ya kununua ni haki ya kununua hisa kwa bei iliyopangwa leo, mpaka siku iliyowekwa. Anayeitaka hulipa ada. Baadaye akiona inamfaa ataitumia, akiona haimfai ataiacha ife, na ada hairudi. Aliyewahi kutoa arubuni ya kiwanja ameshaelewa nusu ya jambo: unaweka fedha kidogo ili mwenye mali asimuuzie mwingine, na ukighairi, zile fedha zimekwenda. Tofauti ni kwamba ada ya opsheni haihesabiwi kama sehemu ya bei ya mali, na opsheni yenyewe inaweza kuuzwa kwa mtu mwingine wakati wowote soko likiwa wazi.

Upande wa pili yuko muuzaji. Yeye ameshapokea ada, lakini amebaki na ahadi shingoni. Mwenye opsheni akidai, lazima ampe hisa kwa bei iliyopangwa, hata kama sokoni imekwisha kupaa.

Tuseme hisa ya kampuni fulani ya Marekani inauzwa dola 100. Opsheni inatoa haki ya kuinunua kwa dola 100 hizo hizo, na muda wake ni siku 63 za soko, yaani kama miezi mitatu, kwa kuwa mwaka wa soko la Marekani huwa na siku 252 hivi za kazi. Kwa kawaida mkataba mmoja huko huhusu hisa 100. Muuzaji wetu ameuza mikataba 10, kwa hiyo ameahidi hisa 1,000. Amelipwa karibu dola 6.38 kwa kila hisa, jumla dola 6,376. Riba na gawio tuviweke kando ili visituchanganye.

Sasa afanye nini? Akikaa mikono mitupu, na siku ya mwisho hisa ikawa dola 120, atalazimika kununua kwa 120 na kukabidhi kwa 100. Hiyo ni hasara ya dola 20,000. Ukitoa ada aliyopokea, anabaki na hasara ya dola 13,624, na kama hisa ingefika 150 au 200, hasara ingezidi kukua bila kikomo.

Anaweza kufikiri kwamba dawa ni kununua hisa zote 1,000 leo leo. Hapo bei ikipanda yuko salama, kwa sababu mali ya kukabidhi anayo. Lakini hisa ikishuka hadi dola 80, mwenye opsheni hatakuja kudai chochote, na muuzaji atabaki na hisa 1,000 zilizopoteza dola 20,000. Ukitoa ada, hasara ni dola 13,624, ile ile. Kutonunua hata moja ni kubahatisha kwamba bei haitapanda, na kununua zote ni kubahatisha kwamba haitashuka. Jibu liko katikati, ila katikati hapo hapakai mahali pamoja.

Hisa 532

Idadi hiyo ya katikati hutokana na delta. Delta ni kipimo cha jinsi thamani ya opsheni inavyofuata bei ya hisa: hisa ikipanda kwa dola moja, opsheni yake inapanda kwa kiasi gani? Opsheni iliyo mbali na kutumika, kwa mfano haki ya kununua kwa 100 wakati hisa ni 60, haisogei karibu kabisa, na delta yake ni karibu sifuri. Opsheni ambayo ni wazi itatumika, kwa mfano hisa ikiwa 160, hupanda dola kwa dola pamoja na hisa, na delta yake inakaribia moja. Ya kwetu, ambayo hisa na bei ya mkataba zote ni 100, iko kati.

Fomula ya kuipata ilitangazwa mwaka 1973 na Fischer Black na Myron Scholes, na Robert Merton akaipa msingi mpana zaidi. Mwaka huo huo, tarehe 26 Aprili, soko la opsheni la Chicago lilifungua milango likiuza opsheni za kununua hisa za kampuni 16. Black alikuwa akiwauzia wafanyabiashara karatasi zilizochapwa thamani za opsheni, nao wakaingia nazo sokoni ili wazisome huku wakipiga kelele za bei. Mwaka 1997 Scholes na Merton walipata tuzo ya Nobel ya uchumi. Black alikuwa amefariki miaka miwili kabla.

Fomula yenyewe huomba vitu vitano: bei ya hisa, bei ya mkataba, muda uliobaki, riba, na kiasi ambacho bei ya hisa hutikisika. Vinne vya mwanzo vinaonekana. Cha tano ni makadirio, na tutakirudia, maana ndicho kinachoamua nani atapata na nani atakosa. Katika mfano wetu tumekadiria mtikisiko wa asilimia 32 kwa mwaka, ambao kwa siku moja ni kama asilimia 2.

Kwa namba hizo delta ni 0.532. Muuzaji ameahidi hisa 1,000, basi anunue 532. Zitamgharimu dola 53,200. Atatumia ada aliyopokea, na dola 46,824 zilizobaki atakopa. Kuanzia hapo, bei ikitikisika kidogo sana, kinachopotea kwenye opsheni kinafidiwa na hisa, na kinachopotea kwenye hisa kinafidiwa na opsheni. Kwa wakati huo mmoja, upande ambao bei itaelekea haumhusu tena.

Dola moja juu, dola moja chini

Tuseme saa moja baadaye hisa imepanda kutoka 100 hadi 101. Tufungue daftari.

Opsheni, ambayo ilikuwa na thamani ya dola 6.376 kwa hisa, sasa ina thamani ya karibu dola 6.920. Muuzaji akitaka kuinunua tena ili ajitoe kwenye ahadi, itamgharimu dola 544 zaidi ya alizopokea. Hiyo ni hasara. Upande wa pili, hisa zake 532 zimepanda dola moja kila moja, yaani faida ya dola 532. Ukijumlisha, amepoteza dola 12.

Sasa turudi nyuma, tuseme hisa ilishuka badala ya kupanda, kutoka 100 hadi 99. Opsheni imepungua thamani hadi karibu dola 5.857, nafuu ya dola 519 au 520 kwa muuzaji. Hisa zake 532 zimempotezea dola 532. Ukijumlisha, amepoteza tena dola 12.

Kupanda amepoteza, kushuka amepoteza, na kwa kiasi kile kile. Hesabu haikukosewa. Sababu ni kwamba thamani ya opsheni haiendi kwa mstari ulionyooka. Bei ya hisa inavyopanda, opsheni huanza kuifuata kwa kasi zaidi, na inavyoshuka, opsheni huipunguzia mwendo. Hisa 532 ni mstari ulionyooka: kila dola huleta au huondoa dola 532, basi. Mstari huo unagusana na mpindo wa opsheni mahali pamoja tu, pale bei inapokuwa 100. Ukisogea kulia au kushoto, mpindo unakuwa juu ya mstari, na pengo lililo kati yao hulipwa na aliyeuza opsheni.

Ukubwa wa mpindo huo hupimwa kwa gama, ambayo husema delta yenyewe inabadilika kwa kiasi gani hisa ikisogea kwa dola moja. Hapa gama ni karibu 0.025. Kwa ahadi ya hisa 1,000, maana yake ni kwamba kila dola ya mwendo hubadilisha kinga inayotakiwa kwa hisa 25.

Ndivyo inavyokuwa. Hisa ilipofika 101, delta ilipanda hadi karibu 0.557. Kinga ya hisa 532 imekuwa pungufu, na muuzaji anapaswa kuongeza hisa 25 ili awe na 557. Asipoongeza, bei ikiendelea kupanda atakuwa nyuma ya opsheni, na kila dola itakayofuata itamuumiza zaidi ya iliyotangulia. Kama bei ingeshuka hadi 99, delta ingekuwa 0.507, na angepaswa kuuza hisa 25 abaki na 507. Asipouza, hisa zilizozidi zingemvuta chini.

Hapa ndipo ile desturi ya kununua ghali na kuuza rahisi inapoanzia. Amenunua hisa 25 kwa dola 101. Mchana bei ikirudi 100, delta nayo inarudi 0.532, na zile 25 hazihitajiki tena. Anaziuza kwa dola 100. Amepoteza dola moja kwa kila hisa, dola 25 kwa jumla. Hisa iko pale pale ilipokuwa asubuhi, opsheni ina thamani ile ile, ila mfukoni zimetoka dola 25.

Kuhusu ukubwa wa hasara hii, jambo moja linastahili kukumbukwa kuliko mengine. Haikui sawasawa na mwendo wa bei, bali hukua kwa mraba wake. Mwendo wa dola moja humla muuzaji dola 12. Mwendo wa dola mbili, kabla hajarekebisha kinga, humla dola 49, mara nne. Mwendo wa dola tano humla karibu dola 300. Ndiyo maana miendo midogo kumi si hatari kama mruko mmoja mkubwa, hata kama jumla ya dola zilizotembea ni ile ile.

Analipwa na nini?

Kama kila upande bei inakoelekea yeye hupoteza, kwa nini afanye kazi hii? Kwa sababu opsheni huchakaa. Kila siku inayopita bila jambo kubwa kutokea, haki ya kununua kwa 100 inakuwa na muda mfupi zaidi wa kuleta bahati, na thamani yake hupungua. Muuzaji, ambaye ameuza kitu kinachochakaa, hupata kiasi kile kile kinachopotea. Kipimo cha kuchakaa huko huitwa theta.

Katika mfano wetu, ikiwa hisa itafunga siku pale pale kwenye dola 100, opsheni itakuwa imepungua kwa karibu senti 5 kwa kila hisa. Kwa hisa 1,000 hizo ni dola 50. Hizo ndizo ujira wa siku wa muuzaji, na humo ndimo anamotoa gharama za mpindo.

Sasa linganisha. Siku ambayo bei ilikwenda 101 na kurudi 100, alipoteza dola 25 katika kurekebisha kinga na akapata dola 50 za siku, akabaki na faida ya 25. Siku ambayo bei itasogea dola mbili moja kwa moja, atapoteza kama dola 49 au 50 na kupata 50, hana faida hana hasara. Siku ya dola tano, ujira wa siku sita umekwenda kwa mkupuo.

Mpaka wa dola mbili haukutokea kwa bahati. Tulikadiria kwamba hisa hutikisika asilimia 2 kwa siku, na asilimia 2 ya dola 100 ni dola 2. Fomula imepanga ada kiasi kwamba, ikiwa hisa itatikisika kama ilivyokadiriwa, ujira na gharama vitalingana. Kwa hiyo aliyeuza opsheni na kujikinga kwa delta hakuweka dau juu ya bei kupanda au kushuka. Dau lake ni kwamba hisa itatikisika kidogo kuliko makadirio yaliyomo ndani ya ada aliyopokea. Ikitikisika dola moja tu kwa siku, anavuna. Ikitikisika dola tatu kila siku, atapoteza karibu dola 112 kwa siku huku akilipwa 50, na hapo hakuna ustadi wa kurekebisha kinga utakaomwokoa. Aliuza rahisi mno, basi.

Njia ya kugundua hilo mapema ipo, na wafanyabiashara makini huitumia kila jioni. Huigawa faida au hasara ya siku katika mafungu: kiasi gani kimetokana na muda kupita, kiasi gani kimetokana na mwendo wa bei, na kiasi gani kimetokana na soko kubadilisha makadirio yake ya mtikisiko. Mafungu hayo yakijumlishwa yanapaswa kukaribia jumla iliyoonekana kwenye akaunti. Yakipishana sana, ama idadi ya hisa imeingizwa vibaya, ama delta inakokotolewa kwa makadirio ambayo soko limeshayaacha.

Pale kinga inapovuja

Hesabu ya Black na Scholes inachukulia kwamba kinga hurekebishwa kila dakika, bila gharama, na kwamba bei hutembea bila kuruka. Kazini mambo hayo matatu hayapo.

La kwanza ni gharama. Kila anaponunua, muuzaji hulipa bei ya juu kidogo, na kila anapouza hupokea ya chini kidogo. Kwa hisa inayouzwa kwa wingi huko New York pengo hilo huwa ni senti chache, na kwa hisa 25 halina uzito. Lakini chukua hisa ambayo pengo kati ya wanunuzi na wauzaji ni nusu dola. Kununua 25 na kuziuza tena kutamla dola 12.50, juu ya zile 25 alizokwisha kupoteza, na nusu ya ujira wake wa siku iliyobaki imekwenda. Kwa sababu hiyo hakuna anayerekebisha kinga kwa kila senti. Wengine hurekebisha mara moja kwa siku, karibu na kufunga soko. Wengine hujiwekea mpaka, kwa mfano kwamba hawatagusa kitu mpaka kinga ipishane na delta kwa hisa 40. Ukirekebisha mara nyingi, gharama zinakula. Ukirekebisha mara chache, matokeo ya kila siku yanayumba zaidi. Hakuna namna ya kukwepa yote mawili.

Ndiyo sababu pia opsheni hazioti vizuri mahali ambapo hisa zenyewe haziuzwi kwa wingi. Soko la Hisa la Nairobi lilianzisha mikataba ya bei za baadaye Julai 2019, lakini mikataba hiyo haina mpindo, na anayejikinga nayo halazimiki kununua na kuuza kila bei inaposogea. Kinga ya delta inahitaji soko ambalo leo utapata hisa 25 na kesho utapata wa kumuuzia, bila bei kuruka kwa sababu yako.

La pili ni mruko wa bei. Kampuni ikitangaza matokeo ya robo mwaka baada ya soko kufungwa, hisa inaweza kulala kwenye 100 na kuamka kwenye 105. Hapakuwa na nafasi ya kununua njiani, kwenye 101, 102 au 103. Delta mpya ni 0.650, kinga imebaki 532, na muuzaji anaanza siku akiwa amepoteza dola 300 na akiwa na hisa 118 za kutafuta. Kinga ya delta ni ya miendo midogo. Dhidi ya mruko, kitu kinachosaidia kweli ni kununua opsheni nyingine, ili mpindo wa zile alizonunua upunguze mpindo wa zile alizouza, na hilo nalo hulipiwa ada.

La tatu ni siku za mwisho. Siku 63 kabla ya mwisho, mwendo wa dola moja ulibadilisha kinga kwa hisa 25. Zikibaki siku 5 na hisa ikiwa bado 100, mwendo ule ule kutoka 100 hadi 101 huipeleka kinga kutoka hisa 509 hadi 596, tofauti ya hisa 87. Ikibaki siku moja, tofauti inakuwa karibu hisa 190. Muda umekuwa mfupi, na kila dola sasa inakaribia kuamua kama opsheni itatumika au itakufa. Kweli, ujira wa siku nao umepanda, kwani zikibaki siku 5 ni karibu dola 180 badala ya 50. Lakini muuzaji anayezungukazunguka hapo hapo kwenye bei ya mkataba, mara 99.80, mara 100.30, hujikuta akinunua na kuuza mamia ya hisa bila kujua kama kesho atatakiwa kuwa nazo zote 1,000 au asiwe nayo hata moja. Wenye uzoefu wengi huona afadhali kuinunua tena opsheni na kufunga hesabu mapema, hata kwa kuacha faida kidogo mezani.

Wengi wakifanya jambo moja

Muuzaji mmoja akinunua hisa 25 bei ikipanda, soko halihisi. Wengi wakiwa na mpindo wa aina moja, kununua kwao wote kunaweza kuisukuma bei ile ile iliyowafanya wanunue, na kuuza kwao wote kukaivuta chini zaidi.

Fundisho kubwa la hilo ni la Oktoba 1987. Miaka ile mifuko mikubwa ya Marekani ilikuwa ikitumia mbinu iliyoitwa bima ya uwekezaji, iliyotokana na kazi ya Hayne Leland na Mark Rubinstein wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mifuko hiyo haikuuza opsheni. Iliigiza kinga kwa hesabu ya delta: soko likishuka, uza, likishuka zaidi, uza zaidi. Mwendo wa mikono yao ulikuwa ule ule wa muuza opsheni anayejikinga. Jumatatu tarehe 19 Oktoba kipimo cha Dow Jones kilianguka asilimia 22.6 kwa siku moja. Tume iliyoundwa na Rais Ronald Reagan kuchunguza mkasa huo iliitaja mbinu hiyo miongoni mwa mambo yaliyozidisha anguko. Hesabu ilisema uza, ila kwa bei ambayo hesabu ilidhani ipo, mnunuzi hakuwepo.

Tangu siku ile masoko ya opsheni yamekuwa yakilipisha zaidi kinga dhidi ya anguko kubwa kuliko fomula ya 1973 inavyosema, na kila anayekokotoa delta leo hulazimika kuchagua makadirio gani ya mtikisiko ayaweke ndani yake. Watu wawili wenye opsheni ile ile wanaweza kushika idadi tofauti za hisa, kila mmoja akiwa na hoja yake.

Kabla hujauza

Siku hizi simu ya mkononi inaweza kumfikisha mtu wa Dar es Salaam, Mombasa au Muscat kwenye opsheni za New York, na kuuza opsheni hunadiwa mtandaoni kama njia ya kujipatia kipato cha kila mwezi. Ada ni ya kweli na inaingia kwenye akaunti siku ile ile. Lakini umeona ada hiyo inalipia nini. Kabla hujauza hata mkataba mmoja, jibu maswali matatu kwa namba: leo delta yako inakutaka ushike hisa ngapi, bei ikisogea dola moja utaongeza au utapunguza ngapi, na hisa hiyo ikisogea kiasi gani kwa siku ujira wako unakuwa umeisha. Kama swali lolote kati ya hayo huna jibu lake, hujauza opsheni kwa faida. Umechukua hatari ya mtu mwingine bila kujua bei yake.